Kusaini Uhamisho Si Kusaini Kufukuzwa

"Ulisaini mwenyewe." Kwa maneno hayo mawili hufungwa mjadala katika vikao vingi vya nidhamu ambamo mfanyakazi ameshtakiwa kwa kukataa uhamisho. Afisa utumishi anafungua mkataba, anaweka kidole kwenye ibara inayosema kwamba mwajiriwa anaweza kupangiwa kituo chochote cha kampuni ndani ya nchi, anafunua ukurasa wa mwisho kuonyesha sahihi, na kuanzia hapo kila atakachosema mfanyakazi kinahesabiwa kisingizio. Wanaoamini hivyo si waajiri peke yao. Wafanyakazi wenyewe wanaamini, na ndiyo maana wengi hupokea barua ya kufukuzwa na kurudi nyumbani bila kuuliza chochote, wakidhani waliuza haki yao siku ile waliyofurahi kupata ajira.

Imani hiyo ni potofu kisheria, na inaumiza watu wasiostahili kuumizwa. Ibara ya uhamisho inampa mwajiri kitu kimoja tu, nacho ni ruhusa ya kubadilisha kituo cha kazi bila kuandika mkataba mpya. Haijibu swali la pili, ambalo ndilo zito: je, ni haki kumfukuza huyu aliyekataa kwenda? Swali la kwanza hujibiwa kwa kusoma mkataba. Swali la pili hujibiwa kwa kuitazama amri yenyewe, imetolewa kwa sababu gani, kwa notisi ya siku ngapi, kwa gharama za nani, na aliyeikataa alikuwa na sababu gani ya kuikataa. Anayejibu swali la pili kwa jibu la swali la kwanza bado hajathibitisha kosa.

Nadhani naelewa fikra hii ilikotoka. Tanzania, neno uhamisho lilizoeleka kwanza katika utumishi wa umma. Mwalimu, muuguzi, bwana shamba, polisi, wote walijua kwamba serikali ni moja na nchi ni moja, na barua ikija unafunga mizigo. Lakini utumishi wa umma una sheria zake, una Kanuni za Kudumu zinazotaja posho na gharama za kumhamisha mtumishi pamoja na familia yake, na una ngazi zake za rufaa. Walimu wanaodai malimbikizo ya fedha za uhamisho wanadai kwa sababu kuna kanuni inayosema walipwe. Mwajiri binafsi aliichukua desturi ya kutii na kuiacha ile ya kulipa. Akaandika mstari mmoja kwenye mkataba, "popote kampuni itakapoona inafaa", bila kutaja notisi, nauli, mizigo wala nyumba, na sasa anataka mstari huo uwe na nguvu kuliko kanuni nzima za serikali.

Sheria imekuwa ikilipinga wazo hili muda mrefu. Mwaka 1930, Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Tanganyika na Kenya zikiwemo, lilitoa hukumu mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Mashauri yote mawili yalimhusu mwajiri mmoja, Ottoman Bank, benki iliyokuwa na matawi mengi mashariki ya Bahari ya Kati. Yote mawili yalihusu mfanyakazi aliyekataa kufanya kazi katika tawi lililoko Uturuki na akafukuzwa.

Katika shauri moja mfanyakazi alikuwa Mkristo, na hoja yake ilikuwa kwamba serikali ya Uturuki ilijulikana kwa uadui wake dhidi ya Wakristo. Alishindwa. Hakuonyesha hatari iliyomlenga yeye binafsi. Alichokuwa nacho ni hofu ya jumla, na hofu ya jumla haikutosha kuifanya amri ya mwajiri kuwa batili. Kwa hiyo kufukuzwa kwake kulikuwa halali. Katika shauri la pili mfanyakazi alikuwa Muarmenia aliyekwisha kuhukumiwa kifo na watawala wa Kituruki na kuponea chupuchupu. Benki ilitaka afanye kazi Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Yeye alishinda. Baraza lilisema amri inayomweka mfanyakazi katika hatari halisi ya kuuawa si amri ambayo mkataba unamlazimisha kuitii, na anayemfukuza kwa kutoitii ndiye aliyevunja mkataba.

Benki ni ile ile, madaraka ya kuhamisha yalikuwa yale yale, mahakama moja na mwaka mmoja, lakini matokeo yakaja kinyume. Kama kusaini kungetosha, wote wawili wangeshindwa. Kama kuwa na sababu ya moyoni kungetosha, wote wawili wangeshinda. Kilichowatenganisha ni uzito wa sababu na ushahidi wake. Karibu karne moja imepita na bado tunao waajiri wanaoendesha vikao vya nidhamu kana kwamba hukumu ya pili haikuwahi kuandikwa, na tunao wafanyakazi wanaosahau ile ya kwanza.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba hukumu ya kifo si jambo la kila siku, na mfano huo uko mbali mno na keshia wa Tanga anayepelekwa Songea. Basi tuje karibu. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ya Ajira ya Uingereza iliamua shauri la United Bank na karani wake wa ngazi ya chini katika tawi la mji wa Leeds. Mkataba wa karani ulisema benki inaweza kumhamisha, kwa muda au moja kwa moja, kwenda mahali popote Uingereza ilipo na biashara, na kwamba posho ya kuhama inaweza kulipwa kwa hiari ya benki. Hakuna ibara pana kuliko hiyo.

Tarehe 2 Juni 1987 aliambiwa kwa mdomo kwamba anahamia Birmingham. Barua ya kuthibitisha ilitoka tarehe 5, siku ya Ijumaa. Alitakiwa aripoti tarehe 8, Jumatatu. Mkewe alikuwa mgonjwa na nyumba yao ilikuwa mbioni kuuzwa. Aliomba asogezewe miezi mitatu, akakataliwa. Akaomba apewe siku 24 za likizo alizokuwa anadai ili apange mambo yake kisha aende. Hakujibiwa, na mshahara wake ukasimamishwa. Aliondoka akadai kwamba mwajiri ndiye aliyemfukuza kwa matendo yake.

Benki iliitegemea ibara. Mahakama ilikubali kwamba ibara ipo na inasema inachosema, lakini ikaamua kwamba ndani yake mna mambo ambayo hayakuandikwa na bado yanamfunga mwajiri: atoe notisi ya kutosha, na asiitumie hiari yake kuhusu posho na muda kwa namna inayomfanya mfanyakazi asiweze kabisa kutii. Juu ya hayo, mwajiri asitende jambo litakalovunja kuaminiana kati yake na mwajiriwa pasipo sababu ya msingi. Benki ilishindwa.

Sipendi hukumu hii isomwe kwa kutiwa chumvi. Mahakama haikusema Birmingham ni mbali mno, wala haikusema kila amri ya uhamisho ni lazima ionekane ya busara machoni pa hakimu. Mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua katika shauri jingine kwamba ibara iliyoandikwa wazi haipunguzwi kwa kudhania kikomo cha umbali. Kilichoihukumu United Bank ni namna ilivyoitumia haki yake: siku tatu kati ya barua na kuripoti, na kunyamaza mbele ya ombi ambalo halikuwa hata la kukataa. Karani yule alikubali kwenda, alichoomba ni muda tu. Wengi wanaofukuzwa kwetu kwa "kukataa uhamisho" wako hivyo hivyo. Hawakukataa, waliomba muda au nauli wakahesabiwa wamekataa.

Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, ingawa husikilizwa. Inayotufunga ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na hiyo inamwelemea mwajiri wa "ulisaini mwenyewe" kuliko hukumu zote nilizotaja.

Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na miongoni mwa yanayotakiwa kutajwa ni mahali alikoajiriwa na mahali pa kufanyia kazi. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri atarekebisha maelezo kwa kushauriana na mfanyakazi, na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Kushauriana hakuna maana ya kuomba kibali, na mfanyakazi hana kura ya turufu. Lakini barua inayofika Alhamisi alasiri ikisema ripoti Jumatatu haijashauriana na mtu.

Kisha kipo kifungu cha 37, ambacho kinamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba sababu ya kufukuza ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinaeleza jinsi ya kupima. Kanuni ya 12 inauliza kama mfanyakazi alivunja kanuni ya kazi, na kama alivunja, je, kanuni yenyewe ilikuwa ya busara, ilieleweka, aliijua, ilitumika kwa wote bila ubaguzi, na je, kufukuza ndiyo adhabu inayostahili. Inataja pia kwamba katika kuchagua adhabu, mwajiri aangalie rekodi ya mfanyakazi, muda aliotumikia na hali yake binafsi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikao anapomkatiza mfanyakazi kwa kumwambia "mambo ya familia yako hayatuhusu hapa", anajitia hatiani mwenyewe. Yanamhusu kwa mujibu wa kanuni.

Kenya nako maneno ya sheria yanalingana kwa roho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kuwa kosa kubwa kukataa kwa makusudi amri halali na inayofaa iliyo ndani ya wajibu wa mfanyakazi. Mwandishi wa sheria angeweza kuishia kwenye neno "amri". Aliongeza halali, akaongeza inayofaa, na waajiri wengi wanaikariri sentensi hiyo kwa kuyaruka maneno hayo mawili.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua, kwani hapa ndipo watu hupotea. Afisa mikopo wa taasisi ndogo ya fedha ameajiriwa Morogoro, ana miaka tisa kazini, hana onyo hata moja, mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000. Mkataba unasema kituo chake ni Morogoro "au kituo kingine chochote Tanzania Bara". Alhamisi moja ya Septemba anapewa barua ya mistari minne. Wa kwanza unamjulisha kwamba uongozi umeamua kumhamishia Kigoma kwa manufaa ya taasisi. Wa pili unamtaka aripoti Jumatatu. Wa tatu unamtaka akabidhi ofisi kesho. Wa nne unamtakia kazi njema. Hakuna neno kuhusu nauli, mizigo, siku za kujikimu wala sababu ya yeye kuchaguliwa.

Anajibu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Anasema yuko tayari kwenda, ila mwanawe yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa ni Novemba, hivyo anaomba aende Desemba, na anaomba kujua gharama za kuhamia zitalipwaje. Hajibiwi. Jumatatu anafika ofisini Morogoro, anakuta meza yake ina mtu mwingine na daftari la mahudhurio limeondolewa jina lake. Anakaa kwenye benchi la wateja. Anafanya hivyo wiki nzima. Wiki inayofuata anapata hati ya mashtaka, na mashtaka hayasemi amekataa uhamisho. Yanasema utoro wa zaidi ya siku tano za kazi.

Huu ndio mtego ninaotaka kila mfanyakazi aufahamu. Mwongozo wa nidhamu ulioambatanishwa na zile Kanuni za 2007 unataja kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Mwajiri anajua kwamba mashtaka ya kukataa amri yatamlazimisha kuitetea amri yenyewe. Kwa hiyo anayageuza yawe utoro, ambapo kinachohesabiwa ni siku tu. Hakuonekana Kigoma siku sita, amekwisha.

Lakini hesabu hiyo inategemea jambo ambalo bado halijathibitishwa, kwamba Jumatatu ile kituo chake halali kilikuwa Kigoma. Kama uhamisho haukushauriwa, haukulipiwa na haukutoa muda wa kuhama, basi yupo mahali pa kazi yake na aliyemnyang'anya meza ni mwajiri. Na hata kama ungekuwa halali, ile barua yake ya Alhamisi, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ni sababu ambayo mwajiri alipaswa kuikubali au kuikataa kwa maandishi. Ukimya si jibu. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, huyu ana shauri zuri.

Sasa tubadilishe mambo machache tu. Barua inakuja Agosti, inasema uhamisho utaanza Januari. Kabla ya barua meneja alimwita, akamweleza kwamba tawi la Kigoma limepoteza maafisa wawili na kwamba yeye amechaguliwa kwa sababu anaijua mikopo ya vikundi. Nauli yake na ya familia inalipwa, lori la mizigo linalipwa, siku za kujikimu zinalipwa. Anaulizwa kama ana kizuizi. Anajibu kwamba hataki kuondoka Morogoro kwa sababu amefungua duka Msamvu na linakwenda vizuri. Anakumbushwa kwa maandishi, anapewa nafasi ya kufikiri upya, anasema haendi.

Huyu akipewa hati ya mashtaka, akapata angalau saa 48 za kujiandaa, akaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, akasikilizwa kwa haki, kisha akafukuzwa, mimi sitamtetea. Amri ilikuwa halali na yenye sababu ya kazi, ilitolewa kwa namna inayotekelezeka, na alichoweka mbele ni mapendeleo yake. Ukaidi wa aina hii ni kosa kubwa. Anayejitetea kwa hali ya jumla, kwamba kule ni mbali, kwamba hakupendi, kwamba amezoea hapa, yuko upande wa yule mfanyakazi wa kwanza wa Ottoman Bank.

Nimeweka mifano hii miwili sambamba kwa sababu ibara ya mkataba ni ile ile neno kwa neno. Wanaosema sahihi inamaliza kila kitu hawana njia ya kueleza kwa nini matokeo yawe tofauti. Kwao wote wawili ni wakaidi. Na hilo linawadhuru hata waajiri waungwana, maana yule aliyelipa nauli na kusubiri miezi minne hapati faida yoyote juu ya yule aliyetuma mistari minne siku ya Alhamisi.

Hoja ninayoiheshimu zaidi kutoka upande wa pili ni ya biashara. Benki, kampuni za simu, kampuni za ulinzi na za ujenzi haziwezi kuendeshwa ikiwa kila mtu atachagua mji. Ni kweli, na ndiyo maana ibara hizi zipo na mahakama haziziondoi. Lakini kampuni inayohitaji watu wanaohamahama inalijua hilo mapema. Inaweza kuweka notisi ya siku 60 kwenye mkataba, ikataja kiwango cha gharama, ikataja mikoa. Huwezi kukataa kuandika masharti yako ili uhamisho uwe rahisi kwako, kisha ukadai kwamba kukosekana kwa masharti kunakupa madaraka yasiyo na mpaka. Uingereza, katika shauri lililoamuliwa mwaka 2016, kampuni ya Kellogg Brown & Root ilifunga ofisi yake ya Greenford, magharibi mwa London, ikataka wafanyakazi wahamie Leatherhead, kusini, kwa ibara iliyosema popote ndani ya nchi au ng'ambo. Iliwafukuza waliokataa na ikashindwa. Upana wa ibara ulihesabiwa kuwa udhaifu wa kampuni, kwa kuwa maneno yanayoweza kumaanisha mahali popote hayamwambii mfanyakazi amekubali nini hasa.

Shauri hilo linagusa jambo jingine ambalo linanitia hasira kuliko yote. Tawi linafungwa. Kisheria, hapo mwajiri ana njia ya wazi ya kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiutendaji: kifungu cha 38 cha sheria yetu kinamtaka atoe notisi, atoe taarifa, ashauriane kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza upunguzaji, vigezo vya kuwachagua wanaoondoka na malipo yao. Njia hiyo ina gharama. Kwa hiyo badala ya kuwapunguza, anawaandikia wote uhamisho kwenda mikoa ya mbali kwa wiki moja, akijua wengi hawatakwenda. Wasiokwenda ni wakaidi, na aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo. Kwa afisa mikopo wetu, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa kugawa mwezi katika siku 26, ni shilingi 210,000, mara miaka tisa ni 1,890,000. Zidisha kwa watu kumi na tano wa tawi utaona kishawishi kiko wapi.

Nakiri sheria ya Uingereza inampa mwajiri nafasi hapo: mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliiruhusu Wizara ya Mambo ya Ndani, ilipofunga kituo cha maafisa uhamiaji Waterloo, kutumia ibara ya uhamisho kuwapeleka Heathrow badala ya kuwapunguza. Lakini kule walikusudiwa kweli kwenda kufanya kazi. Swali la kumuuliza mwajiri wetu ni hili: Kigoma kuna meza kumi na tano zinazowasubiri? Bajeti ya mishahara ya tawi la Kigoma imeongezeka? Kama hakuna, ule si uhamisho.

Na hapa sheria yetu yenyewe inazungumza kwa uwazi ambao sijui kwa nini haunukuliwi. Kifungu cha 42 kinasema mtu anayepoteza kazi kwa sababu za kiutendaji atakosa kiinua mgongo ikiwa atakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala anayopewa na mwajiri huyo au mwingine. Bila sababu ya msingi. Bunge lilifahamu kwamba mtu anaweza kukataa kwa sababu ya msingi, na likakusudia kwamba huyo asinyimwe haki yake. Sheria iliyolifahamu hilo kwa mtu aliyepunguzwa haiwezi kusomwa kana kwamba inamhesabu kila anayekataa kuhama kuwa mkosefu.

Kwa mfanyakazi aliye na barua mkononi leo, mambo yanayomponza mara nyingi ni yake mwenyewe. La kwanza ni kukataa kwa mdomo kisha kunyamaza. Andika, eleza kizuizi chako na uambatanishe ushahidi, iwe ni barua ya hospitali, ya shule au ya mwajiri wa mwenzi wako, na pendekeza tarehe au kituo kingine. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri. La pili ni kukaa nyumbani. Nenda kituo chako cha zamani kila asubuhi, na ukinyimwa daftari andika barua pepe kwamba umefika. Ukiona huwezi kuwa na uhakika wa shauri lako, unaweza kuripoti kituo kipya huku ukiandika kwamba unaripoti bila kuukubali uhamisho, ukadai kutokea huko. La tatu ni kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira. Sheria inatambua kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, lakini hapo wewe ndiwe utakayetakiwa kuonyesha kwanza kwamba hukuacha kwa hiari, na mzigo huo ni mzito kuliko kusubiri afukuze yeye.

Na la mwisho ni siku. Anayepinga kufukuzwa ana siku 30 za kujaza Fomu Na. 1 na kuifikisha Tume, kuanzia siku alipofukuzwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Kwa mgogoro ambao haujafika kufukuzwa, kama uhamisho wenyewe, ni siku 60. Anayezimaliza siku hizo akiamini kwamba alisaini mwenyewe atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na kusema tu kwamba hukuijua haki yako kwa kawaida hakukubaliwi kuwa sababu.